Chakula cha mchana na wateja: uliza wasichokula kabla hujatafuta mgahawa

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni katibu muhtasi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar. Bosi anataka tuwaalike wateja wetu sita chakula cha mchana tuzungumzie mkataba wa mwaka ujao. Wawili wanatoka Mombasa, wawili ni wafanyabiashara wa Kihindi wa Upanga, mmoja anatoka Addis Ababa na mmoja Mwanza. Sisi tutakuwa watatu. Bosi amependekeza Ijumaa saa sita na nusu, sehemu ya nyama choma. Naona aibu kumwuliza mtu dini yake, na sijui nianzie wapi.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Anzia kwa bosi wako, umwombe abadilishe siku. Hili ndilo la kwanza kwa sababu ukikosea siku, hata chakula kizuri namna gani hakitakuokoa.

Ijumaa saa sita na nusu ni saa ya swala ya Ijumaa. Dar es Salaam adhuhuri huingia kati ya saa sita na dakika chache na kama saa sita na dakika arobaini, kutegemea miezi, na ukiongeza hotuba na swala yenyewe, mtu anatoka msikitini saa saba au imepita. Wageni wa Mombasa huenda si Waislamu, lakini hilo hulijui bado, na usingoje kulijua kwa kuona viti viwili vitupu. Mgeni wa Addis Ababa naye, akiwa Mkristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia na anashika mfungo, Ijumaa hagusi nyama, maziwa wala mayai, isipokuwa katika siku hamsini baada ya Pasaka. Jumatano ni hivyohivyo. Wengine siku hizo hawatii kitu mdomoni mpaka alasiri. Ukimkalisha mtu huyo mbele ya mbuzi mzima wa kuchoma, umemwalika aje aangalie wenzake wakila.

Jumatatu na Alhamisi ndizo siku ambazo Waislamu wengi wanaopenda kufunga sunna hufunga. Inabaki Jumanne. Wapo Wahindu wasiokula nyama siku ya Jumanne, lakini kwao mboga zinatosha, na mboga utakuwa nazo kwa vyovyote. Kwa hiyo mwambie bosi: Jumanne, saa saba mchana. Saa saba inampa anayeswali nafasi ya kuswali adhuhuri kwanza, na mkimaliza saa tisa kasoro robo, alasiri haijamkimbia.

Kabla hujaitaja tarehe kwa mtu yeyote, fungua kalenda uangalie Ramadhani na Kwaresima. Ramadhani hurudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, na mwaka 2026 zote mbili zilianza katika wiki moja ya Februari. Kwaresima ya Waethiopia ni ndefu kuliko ya Wakatoliki, siku hamsini na tano, na Pasaka yao mara nyingi haiangukii tarehe moja na ya kwetu. Tarehe yenu ikiingia ndani ya Ramadhani, usilazimishe chakula cha mchana kwa hoja kwamba wasiofunga watakula. Sogezeni mbele, au mzungumze mkataba ofisini asubuhi bila chakula.

Jambo dogo linaloharibu mikutano mingi kuliko nyama ya nguruwe ni saa yenyewe. Ukimwandikia mgeni wa nje "saa 7", hajui unasema nini, na Mwethiopia anaweza kukuelewa vizuri kwa sababu kwao pia saa huhesabiwa kama kwetu, lakini kalenda ya simu yake haielewi. Andika zote mbili kila mara: saa 7 mchana (13:00).

Sasa tuje kwenye aibu yako. Huna haja ya kumwuliza mtu dini yake, na kwa kweli usimwulize. Dini haikuambii anachokula. Bwana mwenye jina la Kihindi anaweza kuwa Mgoa Mkatoliki anayekula nguruwe na ng'ombe bila shida. Mwislamu wa Kishia wa Ithnaasheri hali pweza wala kaa, na samaki asiye na magamba hamgusi, wakati Mwislamu wa Kishafii aliyeketi kando yake anakula pweza na samaki huyo bila shida. Mgeni wa Mwanza anaitwa jina la Kikristo, ukadhani hana mipaka, kumbe ni Msabato: hali nguruwe, kambale, kamba wala kaa, na huenda hanywi kahawa. Jina litakudanganya kila mara. Uliza chakula, na uwaulize wote swali lilelile, pamoja na bosi wako, ili asitokee mtu akahisi amechaguliwa yeye kwa sababu ya kanzu au ushungi.

Shida ya pili ni adabu yetu wenyewe. Mgeni wa Kiafrika Mashariki ukimwuliza anakula nini atakujibu, "Msisumbuke, nakula chochote." Hilo si jibu, ni heshima. Njia ya kulikwepa ni kumwonyesha kwamba usumbufu umeshakwisha, yaani umeshapanga mambo kadhaa, na yeye anaongezea tu. Mimi huandika hivi, kwa ujumbe wa simu au barua pepe, kwa kila mgeni peke yake, kamwe si kwenye kundi:

"Habari za asubuhi, Bwana/Bibi (jina). Tungependa kukukaribisha chakula cha mchana Jumanne tarehe (…), saa 7 mchana (13:00) hadi saa 8:45 (14:45), hapa Dar es Salaam. Tutakuwa watu tisa. Tumeshapanga kwamba mezani hakutakuwa na nguruwe wala pombe, nyama itakuwa halali, na kutakuwa na vyakula vya mboga tupu. Zaidi ya hayo, naomba uniambie kama kuna chakula usichokula, kwa sababu ya imani, mfungo, afya au kwa kutopenda tu. Huna haja ya kunitajia sababu. Pia kama kuna kitu kinachokudhuru hata kikiwa kidogo, kama karanga au samaki, nitamwambia mpishi mwenyewe. Naomba jibu lako kufikia Alhamisi ili nichague mgahawa unaofaa."

Tazama sentensi ya mwisho. Inamwambia mgeni kwamba mgahawa bado haujachaguliwa, kwa hiyo jibu lake lina kazi. Watu wengi huweka nafasi kwanza halafu ndipo wanauliza, na mgeni akijua mahali palishachaguliwa, hunyamaza asionekane msumbufu. Neno "hata kikiwa kidogo" nalo lisiachwe, kwa maana linatenga mambo mawili yasiyofanana. Asiyependa uyoga anaweza kuuchomoa sahanini akaendelea. Mwenye mzio wa karanga anaweza kuvimba koo kwa kijiko kilichopita kwenye mchuzi wa karanga.

Atakayenyamaza usimhesabu kama amesema hana shida. Mpigie, au mpigie katibu wake. Makatibu wenzako ndio wanaojua kwamba mzee wao ana kisukari na hapendi kulisema. Atakayejibu "chochote tu", mjibu kwa swali moja jepesi: "Asante. Na samaki wa maji chumvi pamoja na karanga ni sawa kwako?" Swali lenye kitu cha kushika ndani yake hupata jibu la kweli.

Nikueleze kikao kimoja nilichosimamia, kinachofanana sana na chako, uone majibu yanavyogeuka kuwa chakula. Tulikuwa tisa pia. Wawili walisema nyama iwe halali, na mmoja wao akaongeza kwamba hali pweza wala kaa. Mmoja alisema hali nguruwe, kambale wala kamba. Mmoja alikuwa na mzio wa karanga. Mmoja alisema siku hiyo yumo kwenye mfungo, hali kitu chochote kinachotoka kwa mnyama, hata samli. Na mmoja, Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Kijaini ya huko India, aliandika: mboga tu, bila mayai, bila vitunguu na thomu, wala kitu kinachong'olewa ardhini. Waliobaki hawakuwa na sharti.

Ukiyaangalia majibu hayo kwa haraka unaona mashaka matupu. Panga kuanzia kwa mwenye mipaka mingi, kisha uone wangapi wengine wanaingia ndani ya mipaka yake. Chakula cha yule Mjaini, ukikipika kwa mafuta ya mboga badala ya samli na ukaacha jibini na mtindi, kinaliwa na anayefunga. Kinaliwa na mwenye halali, kinaliwa na Msabato, na ukitoa karanga na korosho kinaliwa na mwenye mzio. Basi nikafanya sahani mbili tatu za namna hiyo ziwe ndizo chakula kikuu cha meza nzima, na kuku na samaki wakawa nyongeza pembeni. Hakuna aliyeletewa sahani ya pekee huku wengine wakimtupia macho, na hilo lilinifurahisha kuliko chakula chenyewe.

Mezani palikuwa na wali mweupe, dengu zilizoungwa kwa jira, nyanya na mvuje, bamia za kukaanga, maboga ya nazi, na chapati zilizopakwa mafuta ya alizeti. Mvuje ndio unaoziba pengo la kitunguu na thomu. Wapishi wa Kihindi wa Dar wanaujua sana, na unapatikana Kisutu. Pembeni palikuwa na kuku wa halali wa kuchoma na changu, samaki mwenye magamba anayeonekana kwa macho, kwa hiyo Msabato na Mshia wote walikuwa na amani naye. Mwisho matunda: papai, embe na nanasi. Niliepuka keki na jeli, kwa kuwa keki ina mayai na wakati mwingine pombe, na jeli mara nyingi hutengenezwa kwa jelatini ya wanyama.

Kwa majibu ya namna hiyo, mahali pa nyama choma pamejiondoa penyewe. Si kwa sababu nyama ni mbaya; ni kwamba jiko la kuchomea huwa moja, na kama pale panauzwa na kitimoto, makaa, koleo na ubao wa kukatia ni vilevile. Mwambie bosi wako kwa maneno hayo, atakuelewa. Tafuta mgahawa wa Kihindi au wa Kiswahili usiouza nguruwe kabisa, wenye chumba cha pembeni, na jiko linalopika kwa oda. Maeneo ya Upanga na katikati ya jiji yana migahawa mingi ya namna hiyo, na wageni wako wawili wapo hapohapo. Bafe ikatae hata wakikupa bei nzuri. Kwenye bafe kijiko cha mchuzi wa karanga huishia kwenye wali, na huna uwezo wa kuzuia.

Nenda mwenyewe, siku ya Jumanne, wiki moja kabla, saa saba mchana. Ukienda saa nne asubuhi utaona mgahawa mtulivu na wahudumu wachangamfu, na hutajua lolote kuhusu kelele za saa ya chakula, foleni ya magari, wala chakula kinachukua muda gani kutoka jikoni. Agiza kitu, uhesabu dakika.

Ukiwa pale, usizungumze na mpokea simu peke yake. Omba kuonana na mpishi mkuu au msimamizi wa jiko, kwa dakika kumi tu, na usimwulize, "Mna vyakula vya mboga?" Atasema ndiyo. Muulize kinavyopikwa. Supu ya mboga mnaianza kwa maji au kwa supu ya kuku? Mchicha na kisamvu mnaviunga kwa karanga? Wali mnapika na samli? Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki? Sambusa za mboga ndani mna nini? Jibu la hili la mwisho karibu kila mara ni viazi na vitunguu, yaani vitu viwili ambavyo Mjaini hali. Mpishi anayejibu maswali haya bila kubabaika, na anayesema waziwazi "hiki hatuwezi", ndiye wa kumwamini. Anayesema "hakuna shida, hakuna shida" kwa kila swali, muage vizuri utafute pengine.

Kuhusu halali, uliza nyama inatoka bucha gani na nani anachinja. Hapa Tanzania wengi huridhika nyama ikiwa imechinjwa na Mwislamu, na wapo wanaotaka kuona cheti. BAKWATA ni miongoni mwa wanaotoa vyeti hivyo. Kwa wageni wa Mombasa, waliozoea kuona vyeti vya halali vikitundikwa ukutani, kuuliza mapema kama kipo kunawapa utulivu. Halali vilevile haiishii kwenye nyama. Ulizia siki ya mvinyo kwenye kachumbari na pombe kwenye sosi.

Pombe ni ya kuzungumza na bosi wako, na uizungumze mapema. Waislamu wengi hawali kwenye meza yenye pombe, hata kama glasi si yao. Wewe umeshawaandikia wageni kwamba haitakuwepo. Bosi akiagiza bia moja kwa mazoea, ameivunja ahadi yako mbele ya watu wa mkataba. Mkumbushe asubuhi ya siku yenyewe, kwa adabu.

Ukishachagua, mpelekee mpishi karatasi moja, siyo maneno ya mdomo. Usiandike jina wala dini ya mtu. Andika kwa namba ya kiti: kiti cha 2, bila karanga kabisa, ni mzio, kiti cha 5, bila kitu cha mnyama, hata samli, kiti cha 7, bila mayai, vitunguu, thomu, viazi, karoti. Nakala moja jikoni, nyingine kwa mhudumu atakayewahudumia, nyingine mkobani mwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za dini na afya kuwa taarifa nyeti, na mpishi hahitaji kujua nani anasali wapi ili aache kutia karanga. Ukifika siku hiyo, panga majina ya kukalia yalingane na namba hizo.

Uthibitisho ni mara tatu, na kila mara una kazi yake. Siku tatu kabla, unathibitisha na mgahawa: watu tisa, chumba cha pembeni, orodha ya vyakula mliyokubaliana, bei yote pamoja na kodi, malipo ya awali, na kwamba watatoa risiti ya EFD kwa jina na TIN ya kampuni yenu, la sivyo mhasibu wako atakusumbua mwezi mzima. Uliza pia mpishi uliyezungumza naye atakuwa zamu Jumanne. Hapo ndipo mambo huharibika: mpishi anaondoka zamu na maelezo yako anaondoka nayo kichwani. Ikiwa hatakuwepo, omba kuongea na atakayekuwepo, umsomee karatasi upya.

Siku moja kabla, unawathibitishia wageni: jina la mgahawa, mtaa, alama ya karibu, ramani ya simu, mahali pa kuegesha gari, na saa kwa namna zote mbili. Ongeza sentensi moja: "Nimeshapeleka maelekezo yako jikoni." Mara nyingine ujumbe huu humfanya mtu akumbuke alichosahau, na bado una siku nzima. Mwulize pia kama kuna atakayehitaji mahali pa kuswali, na wewe uwe umeshajua msikiti wa karibu au chumba ambacho mgahawa unaweza kukitoa.

Asubuhi ya siku yenyewe, saa tatu, piga simu mgahawani usikie sauti ya mpishi, siyo ya mpokea simu. Kisha fika saa sita na robo. Tembea jikoni, tazama sahani ya kiti cha 2 inaandaliwa kwa kijiko na sufuria gani. Sisitiza chakula kiwe mezani saa saba na dakika ishirini, hata kama mmoja amechelewa. Mwenye kisukari aliyekwishajidunga insulini hawezi kungoja hotuba ya ukaribisho, na huenda yumo kati ya wageni wako bila kukwambia. Mwambie bosi azungumzie mkataba sahani zikishaondolewa. Mtu anayeuliza kilichomo ndani ya mchuzi hawezi wakati huohuo kusikiliza viwango vya ada ya uwakala.

Chakula kikija tofauti na mlivyokubaliana, usilizungumze jambo hilo mezani. Inuka, mfuate msimamizi, sahani irudi ikapikwe upya. Kama ni ya mwenye mzio, usikubali wachomoe karanga juu yake na kuirudisha. Iletwe sahani nyingine kabisa. Mgeni mwenyewe mnong'oneze tu, "Chako kinakuja sasa hivi, kimechelewa kidogo." Na bili isiletwe mezani. Malizana nayo kaunta wakati wanakula matunda.

Karatasi yako ukimaliza ichane, isipokuwa mgeni amekubali ubaki na maelezo yake. Hata akikubali, mwakani mwulize upya, maana mwaka huu alikuwa kwenye mfungo na mwakani hayumo, au daktari amemkataza kitu kipya katikati.